Daftari la Hisa kwa Mwenye Mshahara Kilindoni

Mtumishi aliyepo Kilindoni leo hana haja ya kupanda kivuko hadi Nyamisati ili anunue hisa. Dalali aliyesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana anaweza kukufungulia akaunti ukiwa huku huku kisiwani, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lina mfumo wa kununua na kuuza kwa simu. Kwa hiyo umbali si kikwazo tena. Kinachomwangusha mwalimu au muuguzi anayeanza ni kwamba anaamua bei ikiwa tayari mbele ya macho yake, kati ya kipindi na kipindi, huku ujumbe wa kundi la simu ukimwambia hisa fulani inapaa. Dawa yake ni daftari la kawaida lenye mpango ulioandikwa kabla ya kununua chochote.

Nitaeleza mpango huo kwa kumfuata mwalimu mmoja wa kubuni. Ameweka akiba ya shilingi 100,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, sasa ana 1,200,000. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake unaeleza fedha hizo zimetoka wapi: ni akiba iliyobaki baada ya ada, chakula na dharura. Chini yake ameandika kwamba hatachukua mkopo wa mshahara wala wa SACCOS kununua hisa. Sababu ni ya kimahesabu. Mkopo unakatwa kila mwezi, na bei ya hisa haijui tarehe ya makato, kwa hiyo anayekopa hulazimika kuuza siku mbaya.

Kabla ya kanuni za kununua, anahitaji namba moja ambayo wengi huipita: gharama ya kuingia na kutoka. Kwa mwekezaji mdogo, kamisheni ya dalali pamoja na tozo za soko, mamlaka na hifadhi ya dhamana hufika takribani asilimia 2 unaponunua, na takribani asilimia 2 nyingine unapouza. Muulize dalali wako kiwango chake kamili, na uulize pia kama ana kamisheni ya chini isiyopungua, kwa sababu kwa oda ndogo hiyo inaweza kuumiza. Kwa asilimia 2 kila upande, hisa uliyoinunua shilingi 1,000 imekugharimu 1,020. Ili urudishe fedha yako tu, uiuze si chini ya 1,041. Hapo hujapata hata senti.

Namba hiyo ndiyo inayoamua mwendo wa mpango mzima. Anayenunua Jumatatu ili auze Alhamisi, bei ikiwa imepanda asilimia 3, amekula hasara akidhani amepata faida. Soko letu, kwa gharama hizi, linamfaa anayekaa na hisa kwa wiki na miezi. Nalo ni jambo jema kwa mwenye kazi, kwani hahitaji kuangalia bei darasani. Inatosha kuangalia bei ya kufunga jioni.

Sasa kanuni za kununua. Mwalimu wetu ameandika tatu, na zote lazima zitimie.

Ya kwanza inahusu wanunuzi na wauzaji kabla hata ya bei: hisa iwe imeuzwa na kununuliwa angalau siku 8 kati ya siku 10 za mwisho za soko, na idadi ya kawaida kwa siku iwe angalau mara 20 ya idadi anayotaka yeye. Kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam ni chache, na kati yake zenye mzunguko wa kila siku ni chache zaidi, hasa benki kubwa kama CRDB na NMB. Nyingine hukaa siku kadhaa bila hisa kubadili mikono, na bei unayoiona ubaoni ni ya muamala wa zamani. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 850 na kuorodheshwa Agosti 2017. Baadaye bei ikashuka chini ya hapo, na walionunua mwanzoni walijifunza kwamba jina kubwa la kampuni si sawa na kupata mnunuzi siku unayotaka kutoka.

Ya pili ni ya bei: hununua tu hisa iliyofunga wiki juu ya bei zote za kufunga za wiki 8 zilizotangulia. Si kanuni ya miujiza. Faida yake ni kwamba inajibika kwa ndiyo au hapana, na mtu mwingine akilisoma daftari atafikia jibu lile lile. Kanuni kama "bei ikiwa nzuri" haifai kuandikwa kwa sababu kila siku itakuwa nzuri kwa anayetamani.

Ya tatu inahusu oda yenyewe. Huandikwa Jumapili jioni, ikiwa na bei ya juu kabisa ambayo yuko tayari kulipa, isiyozidi asilimia 2 juu ya bei ya kufunga ya Ijumaa. Isipopata muuzaji mpaka Jumatano, inafutwa. Hafuatilii bei inayokimbia.

Tuje kwenye hasara, ambako ndiko mpango unapata thamani yake. Mwalimu ameamua kwamba muamala mmoja usimpotezee zaidi ya asilimia 2 ya mtaji, yaani shilingi 24,000. Wengi husikia asilimia 2 wakadhani maana yake ni kununua hisa za shilingi 24,000. Hapana. Hiyo ni fedha anayokubali kupoteza, na kutokana nayo anatafuta idadi ya hisa. Anataka kununua kwa 1,000 na ameweka kikomo cha kutoka 930. Akiuza kwa 930, baada ya gharama anabaki na 911.40. Alilipa 1,020. Kwa hiyo kila hisa itampotezea 108.60. Gawa 24,000 kwa 108.60, unapata 220. Hizo ndizo hisa anazoruhusiwa, zenye thamani ya 220,000, na gharama zikijumlishwa 224,400. Ona kwamba angesahau gharama angegawa kwa 70 na kununua zaidi ya hisa 340.

Kikomo hicho usitegemee mashine ikutekelezee. Kiandike hivi: bei ya kufunga ikiwa 930 au chini, oda ya kuuza inaingia asubuhi inayofuata kabla ya kipindi cha kwanza. Na kwa kuwa Kilindoni umeme na mtandao huweza kukatika, andika ukurasani namba ya simu ya dalali na namba ya akaunti yako, ili uweze kupiga simu ya kawaida. Uulize mapema ni maelekezo ya namna gani dalali anayapokea, kwa sauti au kwa maandishi.

Kuna tahadhari moja ambayo wageni wa soko huikosa. Kabla kampuni haijafunga rejesta ya wanahisa kwa ajili ya gawio, kuna siku ambayo hisa huanza kuuzwa bila gawio, na siku hiyo bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, kwani mnunuzi mpya halipati tena. Gawio likiwa shilingi 50, hisa ya 970 inaweza kushuka hadi 920 bila kampuni kupatwa na baya lolote. Kikomo cha 930 kitakutoa kwa kosa. Andika tarehe ya kuanza kuuzwa bila gawio pembeni ya kila hisa, na siku hiyo shusha kikomo kwa kiasi cha gawio. Hiyo ndiyo sababu pekee inayoruhusu kikomo kushushwa.

Juu ya kikomo cha muamala kuna vikomo viwili vya mtaji. Miamala miwili ikiisha kwa hasara ndani ya mwezi, hakuna kununua hadi mwezi uishe. Na mtaji ukipungua kwa 144,000, yaani asilimia 12, anakaa nje miezi mitatu. Akiba ya kila mwezi inaendelea kuwekwa benki, lakini haiongezwi kwenye hisa kufidia.

Sasa tuone mpango ukifanya kazi siku isiyo nzuri. Mwalimu alinunua hisa 220 kwa 1,000. Wiki ya tatu bei ikafunga 960. Hapa ndipo mkono huwasha, kwa sababu rafiki atamwambia aongeze kwa kuwa imeshuka. Daftari halina kanuni ya kuongeza, akaacha. Wiki ya tano ikafunga 925. Asubuhi akaweka oda ya kuuza kwa 920. Zikaondoka hisa 90 tu. Kanuni yake ya kutoka inasema kisichouzwa leo kinashushwa shilingi 10 kesho, kwa hiyo siku ya pili 130 zilizobaki zikaenda kwa 910. Mauzo yote ni 201,100; toa gharama 4,022, amepokea 197,078. Hasara ni 27,322.

Ijumaa usiku, nusu saa, ndiyo mapitio ya wiki. Anaandika mambo manne kwa kila muamala: bei aliyopanga na bei aliyopata, kanuni iliyoruhusu kununua, kikomo kilipo sasa, na kama alifuata mpango au la. Alama ya kufuata mpango inatolewa peke yake, bila kuangalia faida. Muamala huu unapata alama kamili ingawa umepoteza. Faida iliyopatikana kwa kununua nje ya kanuni ingepewa sifuri, maana haiwezi kurudiwa kwa makusudi.

Lakini mapitio hayaishii hapo. Hasara ilipangwa 24,000, ikazidi kwa 3,322. Kwa nini? Si kwa sababu ya kusitasita, bali hisa 220 hazikupata wanunuzi wote kwa bei ya karibu na kikomo. Basi marekebisho ni ya kiasi. Kwa hisa hii, safari ijayo, atapiga hesabu kana kwamba atatoka kwa 910. Kila hisa ingempotezea 128.20, na 24,000 ikigawiwa hapo inatoa 187. Anashusha hadi 180. Kanuni ya kununua haiguswi. Kubadili kanuni ya kununua baada ya hasara moja ni kosa la kawaida kabisa, na miamala michache ya mwaka mmoja haitoshi kuonyesha kama kanuni ni mbovu. Aiguse baada ya miamala 20, hata ikichukua miaka miwili.

Upande wa faida mpango una sentensi moja: bei ikifunga wiki chini ya bei ya kufunga ya chini kabisa ya wiki 4 zilizopita, anauza, na kikomo hupandishwa kuifuata bei hiyo kila Ijumaa.

Mwisho wa mwaka daftari lijibu swali moja zaidi. Chukua tarehe na viasi vile vile ulivyoweka, uangalie vingekuwa shilingi ngapi kwenye mfuko wa pamoja wa UTT AMIS, kwa mfano Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, bila wewe kufanya kazi yoyote. Daftari lako likiwa nyuma ya mfuko kwa miaka miwili mfululizo, uza hisa na upeleke fedha huko.