Kuba ya mukarnasi: mchoro wa robo, kalibu 3, vipande 16

Fundi wa dari za jipsam mjini Kakamega tayari ana zana za kujenga mukarnasi, yaani vile vijumba vinavyopandana tabaka kwa tabaka chini ya kuba za misikiti ya Uajemi, Misri na Moroko. Anachohitaji ni mchoro. Mwanahisabati Al-Kashi aliyeeleza vipimo vyake huko Samarkandi mwaka 1427 alianza na kipimo kimoja cha upande, na kila kitu kingine hutokana nacho. Hapa kipimo hicho ni sentimita 30, na kuba ni ndogo, ya kufunika nafasi ya mraba yenye upande wa sentimita 102.4, kwa mfano juu ya mihrabu.

Chora robo tu. Bamba la plasta la karne ya 13 lililofukuliwa Takhti Sulaiman, Iran, lina mchoro wa robo ya kuba, kwani robo nyingine tatu hufanana nayo. Juu ya plaiwudi, chora mraba wa sentimita 51.2. Kona moja iite K, yaani katikati ya kuba. Kona inayoikabili iite P, yaani pembe ya chumba. Pande mbili zinazokutana P ndizo kuta.

Kutoka K pima sentimita 30 kwenye upande mmoja, upate A. Kwenye ulalo wa kuelekea P, upate B. Na kwenye upande wa pili, upate C. Kisha kutoka P pima sentimita 30 kwenye kila ukuta: D iwe upande wa A, na E upande wa C. Unganisha K na B, D na A, D na B, E na B, E na C. Mistari yote hiyo lazima iwe na sentimita 30 kamili. Ukiona tofauti ya milimita 2, rudia mchoro.

Sasa una maumbo mawili ya almasi yanayokutana K, mraba mmoja penye P, na pembetatu mbili ndogo ukutani. Ukirudia robo mara nne, almasi hufanya nyota ya ncha 8, na pembetatu huungana mbili mbili kuwa nusu mraba.

Andika urefu kwenye nukta. Mchoro bapa hauonyeshi kimo, kwa hiyo P, D na E ziandikie 0. A, B na C ziandikie 1. K iandikie 2. Kila mstari ulio nje ya ukuta unapanda hatua moja, kwa hiyo kigezo kimoja cha mbao kinatosha mistari yote 24 ya kuba. Kikate hivi: kipande kilichosimama wima cha sentimita 10, kisha robo duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 30. Hatua moja ni sentimita 40, na kuba nzima sentimita 80.

Kalibu na plasta. Finyanga kwa udongo kielelezo cha mraba, cha nusu mraba na cha almasi, ukipitisha kigezo kwenye kingo zinazopanda. Kutoka kwa kila kielelezo tengeneza kalibu. Kalibu hizo tatu zitakupa miraba 4, nusu miraba 4 na almasi 8. Paka kalibu sabuni. Nyunyizia unga wa plasta ndani ya maji mpaka vijilima vibaki juu, uache dakika moja, kisha koroga polepole. Mimina unene wa sentimita 2, ukilaza nyuzi za katani katikati.

Kabla ya kupandisha, panga almasi 8 sakafuni. Kila ncha ikipungua nyuzi 1 tu, pengo la mwisho ni nyuzi 8, yaani zaidi ya sentimita 4 kwenye ukingo wa nyota. Kosa hilo halifichwi kwa plasta ya kuzibia, rekebisha kalibu.

Ning'iniza kwa waya wa mabati usioshika kutu kutoka kwenye fremu ya mbao: miraba ya pembeni kwanza, kisha nusu miraba, mwisho almasi. Timazi inayoshushwa kutoka kila nukta iangukie nukta yake kwenye mchoro uliolazwa chini.

Jiwe au plasta? Kwa jiwe, mchoro ni uleule, lakini kila tabaka huchongwa kwenye mawe yanayotokeza ukutani, na mkia uliofukiwa lazima uwe mzito kuliko sehemu inayoning'inia. Matale ya Ilesi ni magumu mno kwa kingo nyembamba kama hizi, hivyo Kakamega plasta ndiyo njia yenye akili. Adui wake ni maji: jipsam hulainika na kuyeyuka taratibu, na huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Bandika karatasi ya plastiki juu ya kipande usiku kucha. Ikiwa na ukungu asubuhi, hakijakauka. Wala usining'inize chochote mpaka paa limepita mvua kubwa bila kuvuja.