Maelekezo ya dada wa kazi: "8:00" ni saa ngapi?

SWALI: Dada wa kazi ninaye mwezi wa tisa sasa. Kila asubuhi namwachia karatasi kwenye friji. Wiki iliyopita mtoto alikuwa na dawa ya maji, nikaandika: "Dawa 8:00, 2:00, 8:00, 1 tsp." Kumbe asubuhi hakumpa. Alimpa saa nane mchana, tena kwa kijiko cha kulia wali, na nilimkuta anasubiri saa mbili usiku ampe tena. Je, naweza kumwachisha kazi kwa kukaidi maelekezo?
*Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam*

JIBU: Kwa maelezo yako, dada hakukaidi. Aliona 8 akasoma nane, akaona 2 akasoma mbili, kama anavyohesabu saa tangu utotoni. Na "tsp" ni ufupisho wa Kiingereza, lugha ambayo hukusema kama anaisoma.

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka kosa la kinidhamu lipimwe hivi: je, agizo lilikuwa la haki, lilieleweka bila utata, na mfanyakazi alilijua? Karatasi yako inakwama kwenye utata. Na kwa kuwa amevuka miezi sita kazini, analindwa dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Ukimwachisha, ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu yako ni halali.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi taarifa za ajira yake, zikiwamo kazi atakazofanya, saa na mshahara. Asipozielewa, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kifungu hakitaji karatasi ya friji, lakini kipimo hicho hicho kitakufaa: iandike kwa lugha anayoisoma vizuri zaidi. Kama nyumbani kwao wanaongea Kiha lakini darasani alisoma Kiswahili, andika Kiswahili. Kama hasomi, mrekodie sauti kwenye simu na uchore saa ukutani.

Karatasi yako ingesomeka hivi:

Chakula. Saa moja asubuhi: uji, kikombe kimoja. Saa saba mchana: wali na maharage. Usimpe karanga, zinaweza kumpalia.

Dawa. Saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Kila mara mililita 5, kwa kipimo kilichokuja na chupa. Ukisahau, nipigie kwanza. Usimpe mara mbili kwa pamoja.

Usalama. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala taa. Kama unaweza bila hatari, funga mtungi. Mtoe mtoto nje, kisha piga simu.

Dharura. Mama, Baba, jirani wa mlango wa pili: namba tatu. Polisi 112. Zimamoto 114. Chini yake andika jinsi ya kufika: mtaa, namba ya nyumba, na alama iliyo karibu kama msikiti au duka. Hata dada aliyekaa miezi tisa anaweza kushindwa kuwaelekeza zimamoto kwa kichwa.

Ukimaliza, usimuulize "umeelewa?" Atajibu "ndiyo, mama" hata kama hajaelewa. Mwambie: "Hebu nieleze, dawa ya mchana utampa saa ngapi, na kwa kitu gani?" Mwambie akuonyeshe kipimo mkononi. Hapo ndipo utata wa saa nane ungejulikana kabla hujatoka mlangoni. Kisha andikeni tarehe, nyote wawili mtie saini, na utunze nakala.

Karatasi hiyo inamlinda dada pia. Jumlisha saa zake: kama inaanza saa kumi na moja alfajiri na kuishia saa nne usiku, umejiandikia ushahidi dhidi yako. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi zinahitaji makubaliano na hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Kati ya siku na siku anastahili saa 12 za kupumzika mfululizo. Kwa anayelala hapo hapo kazini zinaweza kushuka hadi 8, ila kwa makubaliano ya maandishi.

Kwa hiyo usimwachishe. Andika upya karatasi, msomee, naye akueleze. Akienda kinyume na agizo lililo wazi, utakuwa na hoja. Kwa karatasi ya "8:00", huna.