Mtenda, Upatanisho na Wakati: Uandishi wa Ujumbe wa Sauti wa Maagizo ya Kazi katika Ununuzi wa Pamba, Bariadi

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna ya kuandaa ujumbe wa sauti unaotoa maagizo kwa kikundi cha kazi, ili msikilizaji aelewe wajibu wake kwa kuusikia mara moja tu. Tangu mwaka 2013, WhatsApp ilipoanza kupokea sauti iliyorekodiwa, maagizo mengi yaliyokuwa yakitolewa ana kwa ana au kwa maandishi sasa hutumwa kwa njia hii. Ujumbe wa namna hiyo una hali ya pekee. Msikilizaji hana msemaji mbele yake wa kumwuliza, na hana maandishi ambayo jicho linaweza kuyarudia. Neno likishapita, limepita, isipokuwa arudishe sauti nyuma na kuisikiliza upya.

Hoja ya makala ni kwamba kinachowalazimisha wasikilizaji kurudia aghalabu si urefu wa ujumbe. Ni vipengele vitatu vya sarufi ya Kiswahili ambavyo katika maandishi havina madhara: kufichwa kwa mtenda, upatanisho usiotaja nomino, na maneno ya wakati yanayotegemea saa ya kusema.

2.0 Data

Muktadha uliochaguliwa ni msimu wa ununuzi wa pamba wilayani Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Pamba ya wakulima hupokewa na vyama vya msingi vya ushirika, hupimwa, hutolewa stakabadhi, kisha husafirishwa kwenda kiwandani kuchambuliwa. Pamba hutenganishwa kuwa safi na fifi, nazo hazina bei moja. Zikichanganywa garini, fifi huishusha safi, na hasara hiyo haiondoki kwa maelezo ya baadaye.

Mfano (1) umetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Uchukuliwe kuwa katibu wa chama ameurekodi Jumanne saa tano usiku, kwa ajili ya karani, wapakiaji, mpima na mlinzi wa ghala la Dutwa.

(1) "Jamani, habari za saa hizi. Kesho kuna gari inakuja, kwa hiyo ile pamba ipakiwe mapema, na mizani iingizwe ndani, halafu ile inayobaki ifunikwe maana hali ya hewa si nzuri. Saa mbili iwe tayari. Ila kama stakabadhi hazijakamilika msipakie kwanza. Haya, kazi njema."

Ujumbe huu hauna neno gumu, na kila sentensi inakubalika kisarufi. Hata hivyo, hauwezi kutekelezwa bila maswali.

3.0 Uchambuzi

3.1 Mtenda aliyefichwa

Vitenzi "ipakiwe", "iingizwe" na "ifunikwe" viko katika kauli ya kutendwa na dhamira tegemezi. Huu ni mtindo wa barua za ofisi, na huko haudhuru kitu, kwa kuwa barua huanza kwa kutaja anayeandikiwa. Katika kikundi chenye watu wanne au zaidi, kila mmoja anaweza kudhani kuwa mtenda ni mwenzake. "Msipakie" nayo haisaidii: kiambishi cha nafsi ya pili wingi kinawagusa wote, wakiwemo wasio wapakiaji.

Dawa yake ni kutaja mtu kabla ya kitenzi, kisha kutumia kauli ya kutenda: "Mlinzi, funika..." Jina la kazi likitangulia, mhusika hutega sikio, na wengine hujua kuwa sehemu hiyo haiwahusu.

3.2 Upatanisho usio na nomino

Katika "ile inayobaki ifunikwe", kiambishi i- kinaweza kurejelea pamba au mizani, kwani zote ni za ngeli ya I-/ZI-. Aidha, katika mazungumzo ya bara hata "gari" hupatanishwa hivyo, kama mfano wenyewe unavyoonyesha. Katika sentensi chache tu nomino tatu zinagombea kiambishi kimoja. Tatizo hili halitokani na wasikilizaji kutojua Kiswahili. Wengi wao ni wazungumzaji wa Kisukuma, lugha ya Kibantu yenye ngeli zake, na hivyo wamezoea kufuatilia upatanisho. Msomaji angerudi nyuma kuitafuta nomino, lakini msikilizaji analazimika kukisia. Hivyo, urudiaji wa nomino, ambao mwalimu wa insha angeuita kasoro, hapa ni sifa.

3.3 Wakati na mpangilio

"Kesho" huhesabiwa kutoka siku ya kusema. Mpakiaji anayefungua ujumbe Jumatano alfajiri anaweza kuelewa Alhamisi. Siku itajwe kwa jina lake. "Saa mbili" nayo haionyeshi kama ni ya asubuhi au ya usiku. Hatari huongezeka pale mwandishi anapoweka tarakimu katika rasimu: "8:00" ikisomwa kwa haraka hutamkwa "saa nane", na gari linalotarajiwa asubuhi likasubiriwa mchana. Saa iandikwe kwa maneno kama itakavyotamkwa.

Mwisho, sharti la stakabadhi limekuja baada ya agizo la kupakia. Aliyeacha kusikiliza aliposikia "ipakiwe mapema" hatalijua. Kishazi cha sharti, hasa chenye -ki- au -sipo-, kitangulie tendo linalokitegemea.

4.0 Rasimu iliyorekebishwa

(2) "Huu ni ujumbe wa kazi ya Jumatano asubuhi, ghala la Dutwa. Maagizo ni manne.
La kwanza ni la karani. Karani, kagua stakabadhi zote kabla ya saa moja asubuhi. Zikikamilika, waruhusu wapakiaji waanze. Zisipokamilika, nipigie simu, na usiruhusu pamba kupakiwa.
La pili ni la wapakiaji. Wapakiaji, karani akisharuhusu, pakieni pamba safi peke yake. Pamba fifi iacheni barazani. Malizeni saa mbili asubuhi.
La tatu ni la mpima. Mpima, gari likishaondoka, ingiza mizani ndani ya ghala.
La nne ni la mlinzi. Mlinzi, gari likishaondoka, funika pamba fifi kwa turubai.
Kila mmoja ajibu kwa kutaja agizo lake."

Rasimu (2) ni ndefu kuliko (1), lakini kila mhusika hulazimika kukumbuka sehemu yake tu. Kiambishi zi- katika "zikikamilika" kimeachwa bila nomino kwa sababu stakabadhi zimetajwa katika sentensi iliyotangulia na hakuna nomino nyingine ya wingi inayoshindana nazo. Kanuni, basi, si kurudia nomino kila mahali, bali kuirudia palipo na ushindani.

5.0 Upimaji na mipaka

Majibu ya wasikilizaji ndiyo kipimo. Swali la "nani?" huonyesha mtenda aliyefichwa, "ipi?" huonyesha upatanisho, "lini?" huonyesha wakati. Jibu la "sawa" halithibitishi kitu, kwani huonyesha kupokea tu, si kuelewa. Ndiyo maana rasimu (2) inadai kila mmoja ataje agizo lake.

Njia hii ina mpaka. Nelson Cowan, mwaka 2001, alipendekeza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vipashio vinne. Kwa hiyo orodha ya uzito wa magunia, namba za stakabadhi au namba za simu haifai kusemwa, hata ikipangwa vizuri. Iandikwe, na sauti ieleze tu la kufanya nayo.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa ujumbe wa sauti wa maagizo hauna budi kuandikwa kwa ajili ya sikio kabla ya kurekodiwa. Mbinu za Kiswahili za kubana maneno, yaani kauli ya kutendwa na viambishi vya upatanisho, humtegemea msomaji anayeweza kurudi nyuma. Lililobaki kuchunguzwa ni kama vikundi vinavyochanganya Kiswahili na Kisukuma hutatua utata huo huo kwa kuhama lugha, hasa pale ngeli za lugha hizo mbili zisipolingana.