Vidonge Vilivyopanda Basi Kwenda Iringa

*Mimi ni mama wa miaka 52, nauza viazi Mwanjelwa. Mama yangu yuko Kihesa, Iringa, ana miaka 78. Mwaka huu amebadilika. Chenji inamchanganya, mboga anaitia chumvi mara mbili, na mwezi uliopita alipotea njia akitoka kanisani. Majirani wanasema amechezewa. Presha anayo tangu zamani, ila miaka mingi alikuwa anameza dawa siku akiumwa kichwa tu. Mimi nami mwaka jana nilipimwa sokoni ikawa 158 kwa 96. Kliniki wakaniandikia amlodipini ya miligramu 5, miguu ikavimba, nikaacha kwa sababu siumwi popote. Vidonge vilivyobaki nimemtumia mama kwa basi ameze pamoja na vyake, labda akili itarudi. Je, na mimi nitakuwa kama yeye?*

Dada yangu, kabla hujamaliza kusoma, mpigie simu anayekaa na mama akavitenge vidonge ulivyotuma. Vile alivyoandikiwa mwenyewe aendelee navyo mpaka aonekane kliniki. Ulituma kwa upendo, najua, lakini kidonge ulichoandikiwa wewe kinaweza kumwangusha yeye, na sababu yake ndiyo jibu la swali lako.

Ubongo unalishwa na mishipa mikubwa inayopanda shingoni, ambayo mwishoni inachipua vijishipa vyembamba kama nyuzi, vinavyozama ndani kabisa. Huko ndani ndiko zinakopita nyaya zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Presha ikikaa juu miaka 15 au 20, kuta za vijishipa hivyo zinakuwa nene na ngumu, na njia ya damu inabana. Kimoja kikiziba, sehemu ndogo inakufa, pengine ndogo kuliko punje ya mahindi. Mkono haupoozi wala mdomo haupindi, kwa hiyo hakuna anayejua. Vikishaziba vingi ndipo mtu anaanza kushindwa mambo yenye hatua, kama kuhesabu chenji au kupanga mapishi, mara nyingi kabla hajasahau majina ya wanawe. Ndiyo maana “siumwi popote” haisemi lolote kuhusu presha.

Watafiti waliwafuatilia watumishi wa serikali wa London zaidi ya 8,000 kuanzia 1985. Waliokuwa na namba ya juu ya 130 au zaidi wakiwa na miaka 50 walipata zaidi ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni kuliko wenzao. Ajabu ni kwamba presha iliyopimwa walipokuwa na miaka 60 au 70 haikuonyesha uhusiano huo. Madhara yanapandwa mapema. Wewe, dada, uko kwenye miaka ya kupanda. Mama yuko kwenye mavuno.

Kuhusu kuchezewa sitagombana na majirani. Hata kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba, walikuta kiasi cha watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huu, na familia nyingi zilidhani ni uzee tu. Waulize majirani swali moja: mama aliharibikiwa polepole kila siku, au alishuka kama mtu anayeteremka ngazi, akatulia, kisha akashuka tena? Ngazi inaelekeza kwenye mishipa, ingawa wazee wengi wana mchanganyiko wa ugonjwa wa mishipa na ule unaokuja polepole.

Sasa wewe. Ile 158 ya sokoni siiamini sana, wala siidharau. Kwa kuwajua wanunuzi wa Mwanjelwa, nadhani ulipimwa umesimama, umetoka kubishania lumbesa. Pima upya. Nenda kwanza haja ndogo, usinywe kahawa nusu saa kabla, kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 bila kuongea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda wa mashine uenee mkono, kwa sababu ukibana unakupa namba kubwa ya uongo. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, siku 7, uandike zote. Itupe siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135 kwa 85 au kupita, presha unayo kweli, uwe unaumwa au huumwi.

Ukienda kliniki na karatasi hiyo, sema wazi kwamba uliacha dawa na kwa nini. Kuvimba vifundo vya miguu ni kero inayojulikana sana ya amlodipini. Watahakikisha si moyo wala figo, kisha wanaweza kupunguza dozi na kuongeza kidogo ya dawa nyingine kama losatani, au kubadilisha kabisa. Nimeona akina mama wengi wakiacha kimya kimya kwa aibu ya kugombezwa na nesi, na miaka kumi inapita hivyo.

Je, kushusha presha kunalinda ubongo kweli? Marekani walijaribu kuishusha namba ya juu chini ya 120 badala ya 140. Matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha kwamba waliodhoofika kumbukumbu kiasi walipungua, lakini kwa ugonjwa kamili tofauti haikuwa ya uhakika, kwa sababu jaribio lilikatishwa mapema. Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka 2025 katika vijiji 326 vya China, kwa watu karibu 34,000 wenye presha. Waganga wa vijijini, siyo madaktari bingwa, walipewa utaratibu wa kuandika dawa na kuzipandisha hatua kwa hatua mpaka presha iwe chini ya 130 kwa 80. Baada ya miaka 4, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ulikuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko vijiji vilivyoendelea kama kawaida. Yaani pale ambapo wangeugua 100, waliugua 85. Siyo kinga kamili. Lakini hakuna kidonge kingine ninachoweza kukutajia chenye ushahidi wa namna hiyo.

Kwa mama hesabu inageuka. Vijishipa vilivyokwisha kuwa vigumu vinahitaji msukumo wa kutosha ili damu ifike, na presha yenyewe mara nyingi huanza kushuka ugonjwa huu unapoingia. Ukimwongezea amlodipini ya miligramu 5 juu ya dawa zake, unaweza kumsikia ameanguka alfajiri akienda chooni. Mpimeni amekaa, kisha amesimama dakika 1, kisha dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akisema kizunguzungu, kliniki waambiwe siku hiyo hiyo. Kilichokufa hakifufuki kwa kushusha presha. Kinachotafutwa ni kiasi kitakachozuia kiharusi bila kumwangusha.

Kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, omba wamwangalie pia damu, tezi, vitamini B12, kaswende, VVU, macho na masikio, maana baadhi ya usahaulifu hutokana na hayo na hutibika. Na vidonge vyote vilivyomo ndani ya nyumba, hata vile vya mafua vinavyoleta usingizi, wavitie kwenye mfuko mmoja waende navyo. Vyako viwemo, vikiwa na maelezo kwamba vilitoka Mbeya na alivimeza siku ngapi.