Mitihani Ikigongana na Mafunzo ya Kazini

Umepata barua: mafunzo ya kazini yaanze Jumatatu, Mei 4, 2026, kwa wiki 12. Lakini mtihani wako wa mwisho ni Ijumaa, Mei 8. Ufanye nini?

Usiripoti kisha uombe ruhusa kila siku ya mtihani. Wiki hiyo itabaki tupu kwenye daftari lako la kazi, na mhadhiri atakayekuja kukukagua ataiona.

Andikia ofisi ya wafanyakazi mapema, uambatishe ratiba ya mitihani. Omba kuanza Mei 11. Taja pia tarehe ya kumaliza: ukihesabu wiki 12 kutoka hapo, unafika Ijumaa, Julai 31. Hakikisha chuo hakijafunguliwa kufikia siku hiyo. Kikifunguliwa Julai 27, utakosa wiki moja. Muulize mratibu wa chuo kama wiki 11 zinatosha kabla hujaomba zipunguzwe.

Ofisi ikikubali, iombe barua mpya. Kisha tazama bima yako ya ajali. Wengi husahau hapa: bima ya tarehe za kwanza itaisha Julai 24, nawe ungali kazini.