Lenzi za Kuazima

Wadogo zangu, wiki hii najibu barua moja tu, kwa kuwa ilinifanya niweke kalamu chini nishike simu. Imetoka kwa msichana wa upande wa Litein. Jumamosi alimsindikiza binamu yake kwenye arusi, na wasichana wanne walikuwa wamepanga kupigwa picha ndani ya shamba la majani chai wakiwa na macho ya kijivu. Lenzi zenyewe zilikuwa jozi mbili, zimenunuliwa kwenye duka la vipodozi mjini Kericho, kwa hiyo wakawa wanapokezana. Yeye alivaa wa mwisho, akacheza hadi usiku, akalala nazo. Jumapili asubuhi zikawa zimegandamana na jicho, ikabidi amwagie maji ya tangi mpaka zikatoka. Jumatatu jicho la kulia likawa jekundu. Shangazi akashauri lioshwe kwa chai ya rangi iliyopoa, na jioni akanunua matone kwenye kemisti. Jumanne akaniandikia: "Dada, mwanga unaniumiza, na nikijitazama kwenye kioo naona nukta nyeupe juu ya weusi wa jicho. Ni kipande cha lenzi kilichobaki?"

Hapana, mdogo wangu. Nukta nyeupe juu ya weusi wa jicho, pamoja na maumivu na kuogopa mwanga, tuihesabu kuwa kidonda cha konea mpaka mtaalamu wa macho aseme sivyo. Na kidonda cha konea hakingoji siku ya soko ipite. Bakteria wengine wanaopenda sinki, vikopo vya lenzi na mahali penye majimaji wanaweza kuitoboa konea kwa siku moja au mbili.

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho. Haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo tusingeona vizuri. Kwa hiyo hewa yake inaipata moja kwa moja kutoka nje, kupitia machozi. Ukiweka lenzi juu yake umepunguza hewa hiyo, na ukifumba macho usiku kucha umeipunguza tena. Ngozi ya juu ya konea hulegea, huvimba na kupata mikwaruzo midogo usiyoisikia, na kijidudu kilichotulia kwenye lenzi hupata mlango. Kulala na lenzi huzidisha hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8, hata kwa anayevaa lenzi safi alizopimiwa. Hizi za rangi zina la ziada: baadhi rangi yake imekaa juu juu, uso wa lenzi ukawa wa kukwaruza, na vijidudu vinapata pa kushikilia.

Halafu kuna suala la kipimo. Wengi mnaniambia, "Lakini dada, mimi naona vizuri, lenzi ni ya sifuri." Sawa, nguvu ya lenzi ni sifuri, lakini jicho lako bado lina umbo. Tazama kwenye boksi utaona BC 8.6 na DIA 14.2. Ya kwanza ni mviringo wa lenzi kwa milimita, ya pili ni upana wake. Konea za watu hazilingani. Iliyojipinda sana na iliyo bapa haziwezi kuvaa lenzi moja zikastarehe. Anayepima macho hukuvisha lenzi, akaangalia kwa darubini yake kama inasogea kidogo kila unapopepesa. Isiposogea, machozi hayapiti chini yake na uchafu unabaki palepale. Muuza vipodozi hana darubini hiyo, na wala simlaumu sana, kwani anauza pia kope na kucha. Marekani, tangu mwaka 2005, sheria inaihesabu kila lenzi ya kuvaa jichoni kuwa kifaa cha tiba, hata ile ya rangi tupu, na haiuzwi bila cheti cha vipimo.

Maji ya tangi nayo yalikuwa kosa kubwa. Najua mvua yetu tunaiamini, na paa zetu hazina vumbi la Nairobi. Lakini ndani ya tangi, na hata kwenye maji ya mfereji, anaweza kuishi ameba ambaye ukimnywa hakufanyi lolote, ila akinasa chini ya lenzi huanza kuila konea polepole. Matibabu yake huchukua miezi. Lenzi husafishwa kwa dawa yake maalumu tu. Maji hayafai, mate hayafai, na chai ya rangi, shangazi anisamehe, haifai kwa lenzi wala kwa kidonda.

Kilichonitia hofu zaidi ni yale matone. Nilimwomba anisomee chupa kwa simu, na katikati ya maneno nikasikia deksamethasoni. Hiyo ni steroidi. Ukiitia jichoni wekundu hupungua na maumivu hutulia, nawe unadhani umepona, kumbe umewalaza askari wa mwili huku wadudu wanaendelea kula, hasa wakiwa ni kuvu au ameba. Kwa hiyo someni chupa kabla ya kulipa. Mkiona deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, iacheni hapo kaunta mpaka mtaalamu wa macho awaangalie.

Nilimwambia mambo machache. Asivae tena lenzi yoyote, jicho lolote. Asifunge jicho kwa kitambaa. Aache matone yale lakini aende na chupa. Asitupe zile lenzi, aziweke kwenye kikopo chake pamoja na boksi, kwa kuwa maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo. Na aende siku hiyo hiyo. Walio upande wa Bomet wana kitengo cha macho pale Tenwek, walio kwingine waanzie hospitali ya kaunti na waseme wazi, "Nilikuwa nimevaa lenzi." Sentensi hiyo inabadilisha namna unavyotazamwa.

Alifika jioni. Walimtilia rangi ya njano jichoni wakammulika kwa taa ya buluu, na mahali palipochubuka pakang'aa kijani. Wakatia ganzi, wakakwangua kidogo ukingoni mwa kidonda ili wajue ni mdudu gani. Kisha antibayotiki ya matone, kila saa, mchana na usiku, kwa siku mbili za kwanza. Mama yake ndiye aliyeweka kengele ya simu. Bahati yake kidonda kilikuwa pembeni. Atabaki na kovu dogo, lakini lingekuwa katikati, mbele ya mboni, angekuwa anaona dunia kupitia kioo chenye ukungu, na hapo dawa haisaidii tena. Kinachobaki ni kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki, kazi inayofanyika hospitali chache kama ile ya macho ya Lions kule Loresho, Nairobi.

Sisemi urembo ni dhambi. Mimi mwenyewe nywele zangu nilizinunua. Ukizitaka lenzi za rangi, nenda ukapimwe, uulize za kuvaa siku moja na kutupa, uzivae kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa, na uzitoe kabla ya kulala. Kama umetoka kuchuma chai au kutia mbolea, siku hiyo ziache. Na jozi ni ya mtu mmoja.

Msichana wetu ana swali la mwisho: mwenye lenzi anazidai, anazitaka kwa arusi nyingine mwezi ujao, amjibu nini? Mwambie ziko maabara, na akapimwe macho yake yeye pia.