Walikuwa wakiisalimu saini yako

Mzee wangu wa Bulla Iftin, Garissa,

Unasema umefikisha miaka 73. Kwa muda mrefu uliketi na wazee wenzako kwenye kamati ya kuwapiga msasa vijana wanaoomba kitambulisho, na enzi hizo hukuweza kupita Suuq Mugdi bila kusimamishwa kila hatua tano. Sasa unakaa nje ya duka la mwanao tangu alasiri hadi magharibi. Watu wanaingia na kutoka, na hakuna anayekujulia hali. Ulipoenda kuchukua fedha za Inua Jamii, wakala alizungumza na mjukuu wako tu, kana kwamba wewe ni mzigo aliokuja nao. Halafu, kwa nusu mstari, umemtaja kijana fundi wa pikipiki uliyemjua tangu utotoni, ambaye anakupita kimya. Unaniuliza: "Je, nilikufa na sikuambiwa?"

Hukufa, mzee. Maiti hawalalamikii chai isiyo na sukari, nawe umeilalamikia mara mbili katika barua moja.

La wakala tulimalize upesi. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi ni zako, kwa jina lako. Safari ijayo mjukuu asimame nyuma yako, kitambulisho kiwe mkononi mwako, na wakala akimuuliza mtoto, jibu wewe. Namba ya siri uijue wewe. Akirudia, mwambie kwa upole kwamba mteja ni huyu mwenye ndevu nyeupe.

La pili ni zito, na nitakuambia kama binti anavyomwambia baba yake. Unaamini watu waliacha kukuona kwa sababu umezeeka. Ulikuwa mzee hata miaka mitano iliyopita, na walikuona vizuri. Kilichobadilika ni kwamba mnamo Februari 2025 Rais Ruto alikuja Wajir akatia saini tangazo la kuondoa msasa ule wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Unajua ulivyokuwa. Kijana wa Nyeri alipeleka karatasi zake kwa msajili, basi. Kijana wa Garissa aliketishwa mbele ya chifu, maafisa wa usalama na wazee, akaulizwa majina ya mababu zake, ukoo na jilibu, wazazi wake walinywesha mifugo wapi. Ukitikisa kichwa, alikosa chuo, kazi, hata laini ya simu. Mama mwenye mtoto wa miaka 18 angekosaje kukusalimu? Alikuwa akiisalimu saini yako. Wengine walikupenda kweli, sikatai, lakini hukuwa na njia ya kuwatofautisha na waliokuogopa. Sasa unayo.

Sikwambii uchungu wako ni wa bure. Mtu aliyezoea kuulizwa, akikaa siku nzima bila kuulizwa neno, huumia, na mwanao angepaswa kuliona hilo kabla yangu. Ila unasubiri wakufuate pale dukani, na dukani watu hufuata unga.

Katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka: kwamba ujanani ulichunga ng'ombe wa baba yako kando ya Tana na kuzijua malka zote za sehemu ile. Mzee, hilo ndilo ungelianza nalo! Wasomaji wa mbali labda hawajui: malka ni pale ukingo wa mto unapolala taratibu, ng'ombe wakashuka kunywa bila kuteleza, pamoja na njia inayowaleta kutoka malishoni. Leo shamba la ndizi au maembe linapandwa katikati ya njia hiyo, seng'enge inavutwa, na jilaal ikikaza, kati ya Januari na Machi, mfugaji anafika na mifugo yenye kiu anakuta malka imefungwa. Ng'ombe hupita shambani, mkulima hushika panga. Kule Tana Delta mwaka 2012 walikufa watu zaidi ya 100. Siasa ilikuwemo, lakini maji na mashamba yalikuwemo pia.

Na sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa bado haijasajiliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kaunti inaishika kwa amana mpaka jamii yenyewe ikutane, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, na kujisajili. Baadaye huja mpimaji. Mpimaji huandika anachoonyeshwa. Kama hakuna wa kumwonyesha malka, ramani itatoka bila malka, na kuirudisha baadaye ni kesi ya miaka.

Kwa hiyo fanya hivi. Subiri jilaal, wakati mifugo inashuka na njia zinaonekana kwa macho. Mchukue mjukuu yuleyule wa kwa wakala na simu yake. Kila malka msimame papo hapo, apige picha, ahifadhi mahali kwenye ramani ya simu, aandike jina lake, waliokuwa wakiitumia, upana wa njia, na lini ilifungwa. Miaka usiibahatishe. Ihesabu kwa mambo makubwa: ilikuwa wazi kabla ya mafuriko ya 1961, ulipokuwa mtoto? Ilikuwa wazi kabla ya El Nino ya 1997? Maswali hayo yana faida nyingine, maana Tana huhama mkondo wake, na huenda malka ya baba yako leo iko mbali na maji. Kijana akipaona pakavu atasema babu amechanganyikiwa. Mweleze mto ulipokuwa ukipita.

Hapa ndipo wazee wengi huharibu. Ukirudi na orodha ya malka za ukoo wako tu, umerudi kwenye kiti cha msasa kwa mlango wa nyuma. Mtafute mzee mkulima, Mmunyoyaya au Mmalakote, wa rika lako, mtembee pamoja. Mnapokubaliana, ushahidi wenu utakuwa mgumu kupinduliwa. Mnapobishana, andikeni kauli zote mbili na msifute ya mwenzenu. Kiti cha kamati waachie vijana wakikitaka. Wewe uwe yule ambaye kamati haiwezi kufanya kazi bila kumwita.

Neno dogo kuhusu maslaha, maana umesema unatamani kuitwa tena. Ya mifugo na mipaka nenda. Ukiitwa kusuluhisha kesi ya msichana aliyenajisiwa, ili ngamia wahesabiwe na yaishe, kataa, waambie hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Heshima ya kuitwa huko usiitamani.

Sasa nirudi kwa fundi wa pikipiki. Umeniandikia kwamba kijana huyu "alikuwa na shida kidogo ya karatasi." Ulijua baba yake, ulijua babu yake. Alikuja mbele yenu mara ngapi, mzee? Na wewe ulikuwa umekaa upande gani wa meza, na ulisema nini, au ulinyamaza? Barua yako haisemi, nami sitakuhukumu kwa nisichokijua. Lakini nadhani unajua kwa nini yeye, kati ya watu wote wa mji, ndiye aliyekuuma hata ukamwandika.

Nenda gereji kwake asubuhi kabla ya wateja. Usimpeleke mzee mwingine akuombee, usianze na nasaba yake. Mtangulie kwa salamu, umwambie ulichokifanya au ulichoshindwa kukifanya. Anaweza kuitikia, na anaweza kuendelea kufungua nati bila kuinua kichwa. Ana haki hiyo. Kesho yake ukipita, msalimu tena.